Picha ya meseji ya mzigo, na jibu nililompa mama mdogo

Swali la wiki: “Ndugu amekutumia picha ya skrini ya meseji inayodai ada ya mzigo. Je, picha hiyo inatosha kukuonyesha kama ni utapeli?”

Haitoshi, na natamani watu waache kuniletea picha hizo wakitarajia jibu la neno moja. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kulitoa jibu la neno moja, na aliyelipokea ni mama yangu mdogo, aliyenilea.

Alikuwa anasubiri mzigo kweli. Aliagiza kipuri cha cherehani yake kutoka nje ya nchi, na kwa siku kadhaa simu haikumtoka mkononi. Jioni moja akanitumia picha ya skrini na swali chini yake: “Mwanangu, hii nilipe?” Meseji ilisema mzigo wake umezuiwa kwa sababu ya ada ndogo ya ushuru, na usipolipiwa ndani ya saa 24 utarudishwa kwa mtumaji. Juu ya skrini lilisomeka jina la posta. Meseji yenyewe ilikaa chini ya nyingine mbili za siku zilizopita, ambazo nilijua ni za kweli, zikimwarifu kwamba mzigo umepokelewa na uko njiani. Lugha ilikuwa safi, hakuna herufi iliyokosewa. Nikaandika: “Inaonekana sawa, mama.” Nikaendelea na shughuli zangu.

Kilichonidanganya ni zile meseji mbili za juu. Niliona mazungumzo yanaendelea, nikaamini anayezungumza ni yuleyule. Lakini jina linalotokea juu ya meseji ni maandishi tu, ambayo mtumaji huyajaza anapotumia huduma za kutuma meseji kwa wingi. Zipo nchi zenye daftari la majina hayo, ambako jina lisilosajiliwa huzuiwa, na zipo ambako hakuna anayeuliza. Simu ya mpokeaji haichunguzi nani ameandika. Inachofanya ni kupanga: kila meseji yenye jina lile inaingia kwenye uzi uleule. Ndiyo maana tapeli akiandika jina la posta, meseji yake inaketi pamoja na za posta yenyewe. Kwa hiyo uzi wa mazungumzo si ushahidi wa lolote, na kwenye picha ndio unaovuta jicho kwanza.

Baada ya dakika kama kumi, moyo haukutulia, nikaifungua tena ile picha na kuikuza. Safari hii nilianza na linki. Siiandiki ilivyokuwa, nimeibadilisha na kumalizia kwa neno example, ambalo limetengwa kwa ajili ya mifano na haliwezi kusajiliwa na mtu yeyote:

```
https://posta.ushuru.ada-mzigo.example/lipa
```

Macho yetu husoma kutoka kushoto, na tapeli anategemea hilo. Mwanzoni utaona neno posta, kisha ushuru, na akili inaridhika kabla hujafika mwisho. Anwani ya namna hii husomwa kinyume. Ruka ile `https://` ya mwanzo, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, simama hapo, halafu rudi nyuma kipande kimoja kimoja kati ya nukta. Kipande cha mwisho pamoja na kinachokitangulia ndivyo vinavyomtaja mwenye anwani. Hapa ni `ada-mzigo.example`. Maneno posta na ushuru ni vijina ambavyo mwenye anwani hujiwekea apendavyo, bila kuomba ruhusa kwa posta yoyote. Angalia pia kwamba kati ya ada na mzigo pana kistari, si nukta, na kistari hakitenganishi chochote. Kwenye anwani zinazoishia na vipande viwili, kama co.tz au co.ke, rudi nyuma vipande vitatu badala ya viwili. Ile herufi s ya https, inayowapa wengi faraja, inaeleza tu kwamba njia kati ya simu na tovuti imefungwa isichunguliwe. Haisemi aliyeko upande wa pili ni nani.

Hapo tayari nilikuwa nimeanza kutokwa jasho, lakini kwenye picha kulikuwa na kitu kingine: namba ya mzigo. Ilianza kwa herufi RB, zikafuata tarakimu tisa 508261731, kisha herufi mbili za nchi. Huo ndio mpangilio wa Umoja wa Posta Duniani, unaoitwa S10, na tarakimu yake ya tisa haichaguliwi ovyo. Hupatikana kwa kuzidisha zile nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, kila moja kwa zamu yake, kujumlisha, kugawa kwa 11, kisha kutoa baki kutoka 11. Jibu likiwa 10 huandikwa 0, na likiwa 11 huandikwa 5. Nilifanya hesabu nyuma ya bahasha:

```
5×8 + 0×6 + 8×4 + 2×2 + 6×3 + 1×5 + 7×9 + 3×7 = 183
183 = 11×16 + 7
11 − 7 = 4
```

Tarakimu ya tisa ilipaswa kuwa 4. Meseji ilikuwa na 1. Aliyeitunga alijua sura ya namba ya posta, lakini hakujua namba hiyo inajikagua yenyewe.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu hesabu hii. Namba ikiikataa, na meseji inadai kutoka posta, una sababu kubwa ya kukataa. Namba ikiikubali, hujapata kitu. Tarakimu iliyobahatishwa hupita takribani mara moja katika kumi, na tapeli anaweza kuinakili namba ya mzigo wa mtu mwingine. Kampuni binafsi za usafirishaji nazo zina namba za mipangilio yao, ambazo hesabu hii haizihusu kabisa.

Nilimpigia. Nilipomwambia asilipe, akasema, “Mbona nimeshajaza? Si ulisema ni sawa?” Alikuwa ameandika namba ya kadi ya benki, tarehe ya mwisho wake na zile tarakimu tatu za nyuma. Ukurasa ulikuwa unamsubiri aingize namba ya siri ambayo benki ingemtumia, “kuthibitisha ada”. Namba ilikuwa imeshaingia kwenye simu, lakini hakuiandika. Nikamuuliza kwa nini. Akanitumia picha ya pili.

Meseji ya benki ilisema namba hiyo ni ya kuunganisha kadi yake na pochi ya simu, na kwamba asimpe mtu. Hakukuwa na neno ada wala mzigo. Mama mdogo, ambaye hajui kusoma anwani kinyume wala hesabu ya S10, alisimama pale kwa sababu maneno ya benki na maneno ya ukurasa hayakulingana. Akaamua kunipigia picha kwanza. Ile ada ndogo haikuwa shabaha. Walichotaka ni kuingiza kadi yake kwenye simu yao, wakalipie wanachotaka bila kumwomba ruhusa tena, na walichokuwa bado hawana ni zile tarakimu sita tu. Jioni ileile alipiga namba iliyo nyuma ya kadi, kadi ikafungwa, akapewa nyingine. Fedha haikutoka.

Nilianza kuandika jibu hili nikiwa na hasira na picha za skrini, na nikifika hapa naona nazilaumu kwa kosa langu. Ya kwanza ilikuwa na kila kilichohitajika: linki nzima, namba nzima, maneno yote. Mimi ndiye niliyetazama jina la juu nikaishia hapo. Ya pili ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu aliituma kabla ya kutenda. Tena picha ni salama kuliko kusambaza meseji yenyewe, maana meseji ikisambazwa linki yake inakwenda ikiwa hai, na kidole cha mtu mwingine kinaweza kuigusa. Hata picha ina tahadhari yake: simu nyingi za sasa husoma maandishi yaliyomo ndani ya picha na kuyageuza kuwa linki, kwa hiyo unapoikuza, ikuze bila kubonyeza anwani.

Basi nabadilisha jibu: mara nyingi picha inatosha kuonyesha utapeli, mradi haijakatwa. Ukiletewa picha isiyo na linki nzima au isiyo na sehemu ya juu, omba nyingine. Meseji ikimwambia mpokeaji ajibu kwa herufi fulani ndipo linki ifunguke, usihangaike na mengine. Zipo simu zinazoizima linki ya mtu asiyejulikana mpaka umjibu, na ombi hilo ni njia ya kukufanya uondoe kizuizi hicho kwa mkono wako.

Lakini picha ikikosa dalili zote hizo, bado siwezi kusema meseji ni ya kweli. Herufi l ndogo na I kubwa hufanana kwenye skrini nyingi, na zipo herufi za alfabeti nyingine zinazofanana kabisa na a au o zetu. Linki iliyofupishwa haionyeshi inakokwenda. Na si kila dai la ada ni uongo, maana ushuru wa mizigo upo, na wakati mwingine taarifa yake huja kwa meseji.

Hata mama mdogo ilimfika. Wiki mbili baadaye meseji nyingine iliingia kwenye uzi uleule, chini kabisa ya ile ya matapeli: kuna ushuru wa kulipa, na namba ya mzigo. Hapakuwa na linki. Akanitumia picha kama kawaida. Nikafanya hesabu, tarakimu ya tisa ikakubali, nikamwambia kwamba kwa picha peke yake sina la kumwambia. Akatoa risiti ya muuzaji, akailinganisha namba, akaandika mwenyewe anwani ya posta kwenye simu, akaiweka namba ya risiti pale. Ushuru ulikuwepo, kiasi kilekile. Aliulipa kaunta alipokwenda kuchukua kipuri chake.