Nimepata x, kwa nini nimekoseshwa?

Swali: Mwalimu, tulipewa milinganyo 2x + 3y = 4 na 5x − 3y = 31. Nimejumlisha, nikapata x = 5, na x ni 5 kweli. Mbona nimekoseshwa?

Jibu: Kujumlisha kwako kuko sawa kabisa. 3y na −3y zimeondoana, zikabaki 7x = 35, na x ni 5. Ila hapo ulikuwa katikati ya njia. Jibu la swali hili ni jozi, x pamoja na y yake. Jaribu kulichora kwenye grafu: kila mlinganyo ni mstari, na unachotafutiwa ni pale mistari miwili inapokatana. Ukisema x = 5 peke yake, umechora mstari wima wenye nukta zisizo na idadi, na ni moja tu kati ya hizo ndiyo yenyewe.

Sasa rudisha 5 mahali pa x. Usiirudishe kwenye 7x = 35, maana humo y imeshaondoka; rudi kwenye mmojawapo wa milinganyo uliyopewa mwanzo. Mimi ningechukua wa kwanza, kwa sababu 3y ina alama ya kujumlisha, na wanafunzi wangu wengi huteleza kwenye alama ya kutoa:

2(5) + 3y = 4
10 + 3y = 4
3y = −6
y = −2

Tazama mstari wa pili. Wapo wanaoona 10 ni kubwa kuliko 4, wakaogopa hasi, wakaandika 3y = 6. Unaondoa 10 pande zote mbili, na 4 − 10 ni −6. Iache hasi ilivyo.

Kisha hakiki, na uhakiki kwa mlinganyo ule mwingine: 5(5) − 3(−2) = 25 + 6 = 31. Imekubali, kwa hiyo andika x = 5, y = −2.

Nasisitiza mlinganyo mwingine kwa sababu ule uliotumia kutafuta y utakubali hata kama x yako ni mbovu. Tuseme uligawanya vibaya ukapata x = 6. Mlinganyo wa kwanza ungekupa 12 + 3y = 4, yaani y = −8/3. Ukihakiki humo humo, 12 − 8 = 4, utadhani umepata. Peleka jozi hiyo kwenye wa pili: 30 + 8 = 38, wakati tunataka 31. Hapo ndipo kosa linapojitokeza, nawe bado una karatasi mkononi.

Kabla ya kugeukia swali la pili, soma tena lile la kwanza uhesabu herufi. Zikiwa mbili, mistari yako ya mwisho nayo iwe na mbili.