Usijaze fomu ya likizo ya mwaka kwa ajili ya utetezi wa tasnifu

*"Wakuu, chuo kimenipangia kutetea tasnifu ya uzamili Alhamisi tarehe 20 mwezi ujao, Dar. Mimi niko Mwanza, nimeajiriwa kampuni binafsi, kazi ya kutwa. Ofisini hawajui sana habari za shule yangu. Nimeshauriwa nijaze likizo ya mwaka wiki hiyo, niseme naenda kupumzika. Ni sawa? Na slaidi ziwe ngapi? Nivae suti?"*

Mkuu, usiijaze hiyo fomu. Kama umeshaijaza, kaiombe kesho asubuhi kabla haijafika mezani kwa meneja.

Ushauri huohuo nilipewa mimi na mtu wa idara ya utumishi, mtu tuliyekuwa tunakula naye mchana kila siku. "Ukiwaambia shule wataona unajiandaa kuhama. Jaza likizo, ni haki yako, hakuna atakayekuuliza." Nikajaza. Penye sababu nikaandika "mapumziko". Ikasainiwa upesi, nami nikakipigia chuo kuthibitisha kwamba nitafika.

Kisha wakaguzi wa hesabu wakabadilisha ratiba yao, ikaangukia wiki ileile. Nikaletewa barua ya mistari mitatu: likizo yako imesogezwa hadi mwezi ujao. Nikaingia kwa meneja nikamweleza kwamba nina utetezi. Akafungua jalada langu, akanigeuzia ile fomu, akaweka kidole juu ya neno lenyewe. "Hapa umeandika mapumziko. Mwezi ujao hutapumzika?" Nilikuwa na barua ya chuo kwenye simu, nikamwonyesha. Akaniuliza kwa nini anaiona leo. Sikuwa na jibu, na yule jamaa aliyenishauri alikuwa amekaa mlango wa pili akijifanya anapanga mafaili. Mpaka leo akinisalimia namwitikia kwa sababu ya malezi tu.

Watu hatuelewi hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, ila kuzipangia wakati imemwachia mwajiri, mradi zisipite miezi 6 tangu mzunguko wa likizo uishe. Inaweza kufika miezi 12 kama umekubali mwenyewe na kazi inalazimu. Kwa hiyo haki yako ni hizo siku. Tarehe 20 si sehemu ya haki hiyo. Ukiomba utetezi kwa fomu ya likizo, umeweka siku isiyosogezeka ndani ya kitu ambacho mwajiri amezoea kukisogeza.

Na upande wa chuo, siku haisogezeki kirahisi. Jopo lina mwenyekiti, mtahini wa ndani na mtahini wa nje ambaye ni mwalimu wa chuo kingine mwenye vipindi na wanafunzi wake. Ofisi ya uzamili imehangaika kuwakutanisha hao wote siku moja. Nilipopiga simu kusema siji, yule dada wa ofisi hakunigombeza, aliniambia tu kwamba mtahini wa nje ameshakata tiketi, na kwamba nafasi yake nyingine iko baada ya orodha ya wahitimu kufungwa. Mahafali yakanipita. Nikalipia tena usajili wa mwaka mzima kwa ajili ya kikao cha asubuhi moja, na cheo nilichokuwa nakisubiria cheti kikachukuliwa na mwingine.

Sasa fanya hivi. Omba chuo barua rasmi ya kukuita kwenye utetezi: yenye kichwa cha chuo, jina lako, tarehe, saa, mahali, na mhuri. Ujumbe wa simu wa msimamizi wako hautoshi, kwa sababu hauwezi kuingia kwenye jalada. Kisha andika barua ya kuomba ruhusa, siyo fomu, kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha, ipitie kwa mkuu wako wa idara. Mwili wake usizidi hapa:

> YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUHUDHURIA UTETEZI WA TASNIFU, TAREHE 18 HADI 21
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili nje ya saa za kazi. Nimeitwa mbele ya jopo la watahini jijini Dar es Salaam siku ya Alhamisi tarehe 20, saa 3:00 asubuhi, kama barua ya chuo iliyoambatishwa inavyoonyesha. Tarehe hii imepangwa na chuo na siwezi kuibadilisha mwenyewe.
>
> Naomba ruhusa ya siku nne, pamoja na safari. Kazi zangu za siku hizo zitashikwa na mwenzangu, ambaye amekubali na kusaini hapa chini. Endapo ruhusa yenye malipo haitawezekana, naomba siku hizo zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka kwa tarehe hizohizo.

Hesabu siku zako vizuri. Mtu wa Mwanza hawezi kuomba siku moja. Basi la Jumanne linakula siku nzima, Jumatano unaona ukumbi na kujaribu projekta, Alhamisi unatetea, Ijumaa unarudi. Na ile sentensi ya mwisho ndiyo kinga yako: hata wakikukata likizo, jalada litasema siku zile zilikuwa za nini. Sheria haikutaja ruhusa ya utetezi, kwa hiyo wakikukata usibishane. Ila usitoe likizo yote, kwa sababu wengi hupita kwa sharti la masahihisho, na masahihisho yanataka siku za kukaa chini na kuandika.

Peleka nakala mbili masijala. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bosi akikuambia "wewe nenda tu, hamna shida", mshukuru, halafu mwombe aandike hilohilo juu ya barua na asaini. Akisafiri wiki hiyo, atakayekaimu hatajua mlichoongea koridoni.

Uoga wako wa kwamba ofisini hawajui shule naujua. Lakini pima: watajua leo kwa barua yenye mwezi mzima mbele yake, au watajua wiki ya utetezi ukiwa unalia mlangoni kwa meneja. Kama mkataba wako unakutaka utoe taarifa ukijiunga na masomo, hilo nalo limalize kwenye barua hiyohiyo.

Wakikataa, wakatae kwa maandishi, na siku hiyohiyo ipeleke barua ya kukataliwa ofisi ya uzamili. Mwezi mmoja kabla, mtahini wa nje hajakata tiketi na bado wanaweza kukutafutia siku nyingine. Wakinyamaza, usiondoke kimyakimya. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa kuwa kosa la kufukuzisha, na siku zako nne, ingawa ni pungufu, bado zinaweza kukuletea barua ya onyo. Rudi masijala ukaulize jalada limefika meza gani, umfuate aliyelikalia.

Barua ya chuo unayo tayari au walikupigia simu tu? Kama ni simu, anza na hilo kesho, kabla hata ya kugusa slaidi.