Akiitwa kupimwa mkojo

"Binti yangu ana miaka 16, anakimbia mita 1500 hapa Kisumu. Akiitwa kupimwa mkojo kama ametumia dawa zilizokatazwa michezoni, anywe maji mengi amalize haraka?"

Hapana, mama, atachelewa zaidi. Zinahitajika angalau mililita 90, na mkojo usiwe mwepesi mno. Akibugia maji, kipimo kitaukataa, naye atasubiri hadi atoe mwingine ulio mzito vya kutosha. Anywe kidogo kidogo, kutoka chupa iliyofungwa anayoifungua mwenyewe.

Kwa kuwa hajafika 18, ingia naye. Afisa wa kike atamtazama akikojoa (mwambie mapema asishtuke). Wewe unamwangalia afisa, si binti. Kisha mkojo unagawanywa: angalau 60 chupa A, 30 chupa B. B huwekwa akiba, ifunguliwe A ikionyesha dawa iliyokatazwa. Kwenye fomu aandike dawa zote za siku 7 zilizopita, hata ya mafua.