Nomali juu ya nomali, halafu jumla si nomali?

"Wakuu, Q(√2) ni nomali juu ya Q, na Q(⁴√2) ni nomali juu ya Q(√2), sasa kwa nini Q(⁴√2) si nomali juu ya Q? Nimekwama."

Mkuu, cheki kila ngazi inaulizwa swali gani. Ngazi zote mbili ni za digrii 2, na digrii 2 huwa nomali tu, maana ukiwa na mzizi mmoja wa polinomia ya digrii 2 ule wa pili unaupata bure. Ngazi ya juu polinomia yako ni x² − √2, mizizi yake ⁴√2 na −⁴√2, yote imo, fresh.

Ila ukishuka mpaka Q polinomia inabadilika, inakuwa x⁴ − 2, ambayo haivunjiki huko (Eisenstein kwa 2). Ipeleke sasa kwenye Q(√2) uone:

x⁴ − 2 = (x² − √2)(x² + √2)

Hapo ndo kuna mchezo. Kutoka Q, √2 na −√2 ni mapacha, huwezi kuwatofautisha, kwa hiyo ukimbadilisha mmoja kwa mwenzake x² − √2 inageuka x² + √2, na hii ya pili ngazi ya juu haikuulizwa kabisa! Mizizi yake ni ±i⁴√2, wakati Q(⁴√2) yote ni namba halisi, i itatoka wapi?

Ukitaka nomali juu ya Q ongeza i, upate Q(⁴√2, i), digrii 8.