Kuvusha chaji ili kupata fomula: pale mabano yanapoleta shida

Maji ya bahari yanapokauka kwenye majaruba ya chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara, hayaachi kitu kimoja. Hutangulia kutuama kaboneti ya kalsiamu kidogo, ikafuata jasi, kisha chumvi yenyewe. Maji machungu yanayobaki mwishoni yamejaa magnesiamu. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili hilo ni zoezi tosha, maana ndani yake zimo ayoni anazopaswa kuzifahamu mapema: Na⁺, Mg²⁺, Ca²⁺, Cl⁻, SO₄²⁻ na CO₃²⁻.

Anza na Mg²⁺ na Cl⁻. Ayoni yenye chaji chanya andika kushoto, yenye chaji hasi kulia, kila moja na chaji yake juu. Kisha vusha namba za chaji: ile 2 ya magnesiamu iende chini ya klorini, na 1 ya kloridi iende chini ya magnesiamu. Inayovuka ni namba peke yake. Alama ya kujumlisha na ya kutoa zinabaki huko juu na hazionekani tena kwenye fomula. Namba 1 haiandikwi. Unapata MgCl₂.

Usiishie hapo. Jiulize kwa nini zile kloridi ziwe mbili. Magnesiamu moja ina chaji +2, kila kloridi ina −1, kwa hiyo zinatakiwa mbili ili jumla iwe sifuri. Kuvusha namba ni njia ya mkato ya kufikia sifuri hiyo, na sifuri hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia kukagua kila jibu. Ukiandika Mg₂Cl, chaji chanya ni 4 na hasi ni 1. Hapo unajua umerudisha namba kwa mwenyewe badala ya kuivusha.

Sasa twende kwenye jasi, ile inayochimbwa Kilwa. Ayoni zake ni Ca²⁺ na SO₄²⁻, na hapa ndipo wengi huanza kuteleza. Salfeti imebeba namba mbili: 4 iliyo chini na 2 iliyo juu. Ile 4 inasema kuna atomu nne za oksijeni ndani ya kundi. Si chaji, na haivuki kamwe. Inayovuka ni 2 ya juu. Ukivusha unapata Ca₂(SO₄)₂. Namba mbili za nje zinagawanyika kwa 2, kwa hiyo unazipunguza na kubaki na CaSO₄. Wapo wanaoendelea kugawanya mpaka ile 4 ya oksijeni, wakaandika CaSO₂. Hiyo si jasi tena, kwa sababu kundi la salfeti limeshavunjwa. Namba zinazopunguzwa ni zile ulizovusha wewe. Namba uliyoikuta ndani ya kundi iache kama ilivyo. (Kwenye vitabu utaona jasi ikiandikwa CaSO₄·2H₂O. Maji hayo yamo ndani ya fuwele zake, hayakutokana na kuvusha chaji, hivyo yasikuchanganye.)

Mabano yenyewe yanaeleweka vizuri zaidi kwenye chokaa. Mawe ya matumbawe yanayochomwa huku pwani kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya kalsiamu. Ayoni ni Ca²⁺ na CO₃²⁻, namba zinafutana kama kwenye jasi, na fomula ni CaCO₃. Moto ukiwaka vya kutosha, jiwe linatoa gesi ya kabonidayoksaidi na kubaki oksidi ya kalsiamu: Ca²⁺ na O²⁻, ukivusha unapata Ca₂O₂, ukipunguza ni CaO. Ukimwagia maji, chokaa hiyo inachemka na kuwa haidroksidi ya kalsiamu. Sasa ayoni ni Ca²⁺ na OH⁻.

Ile 2 ya kalsiamu inavuka kwenda kwa OH, na swali ni inakaa wapi. Ukiandika CaOH₂, 2 imeshika hidrojeni peke yake: umesema kuna oksijeni moja na hidrojeni mbili. Lakini tunachohitaji ni OH⁻ mbili nzima, yaani oksijeni mbili na hidrojeni mbili. Ndiyo maana kundi linafungiwa kwenye mabano na 2 inakaa nje: Ca(OH)₂. Kosa hilo halibaki kwenye fomula tu. Ukifika kwenye hesabu za moli, Ca(OH)₂ ina uzito wa 40 + 2(16 + 1), yaani 74, wakati CaOH₂ itakupa 58, na kila hatua inayofuata itakuwa imepotoka.

Kwa upande mwingine, mabano yasiwe mazoea. Yanahitajika pale tu kundi la atomu linapokuwa zaidi ya moja. Na⁺ na OH⁻ ni NaOH, bila mabano. Na⁺ mbili na SO₄²⁻ moja ni Na₂SO₄, kwa sababu 2 ipo kwa sodiamu, na sodiamu si kundi. Kloridi pia si kundi: MgCl₂, siyo Mg(Cl)₂.

Kundi linaweza pia kuwa upande wa kushoto. Mbolea ya SA ni salfeti ya amonia, yenye NH₄⁺ na SO₄²⁻. Ile 2 ya salfeti inavukia kwa NH₄⁺, fomula ni (NH₄)₂SO₄. Ukisahau mabano unapata NH₄₂SO₄, na anayesahihisha atasoma hidrojeni arobaini na mbili!

Jaribu moja isiyofutana: Al³⁺ na SO₄²⁻, kemikali inayotumika kusafisha maji ya bomba. Namba 3 inavukia kwa salfeti, 2 kwa aluminiamu: Al₂(SO₄)₃. Namba 2 na 3 hazina kigawanyo cha pamoja, basi zinabaki. Kagua: aluminiamu 2 × 3 ni +6, salfeti 3 × 2 ni −6, jumla sifuri. Hesabu na atomu: aluminiamu 2, salfa 3, oksijeni 12. Ukipata oksijeni 4 au 7, hujazidisha kilicho ndani ya mabano kwa namba ya nje.

Kuna mtego wa kurudi nyuma. Ukipewa FeO ukaulizwa chaji ya chuma, usiseme +1 eti kwa sababu hakuna namba chini ya oksijeni. Namba zilishapunguzwa. Anza na oksijeni ambayo ni −2, basi chuma ni +2. Kwenye Fe₂O₃, oksijeni tatu ni −6, chuma mbili zinagawana +6, kila moja +3. Kwa metali kama chuma na shaba, ambazo zina chaji zaidi ya moja, namba ya Kirumi kwenye jina ndiyo inayokuambia uvushe ipi: oksidi ya chuma (III) ni Fe³⁺.

Na kuna mahali ambapo kupunguza kunaharibu. Peroksidi ya sodiamu ni Na₂O₂, na haipunguzwi kuwa NaO, kwa kuwa O₂²⁻ ni kundi moja lenye chaji −2. Zile oksijeni mbili hazikutokana na kuvusha. Vivyo hivyo njia hii usiipeleke kwenye vitu visivyo na ayoni, kama N₂O₄ au sukari ya glukosi C₆H₁₂O₆. Huko atomu zinachangia elektroni, hakuna chaji za kuvusha, na namba zake huachwa zilivyo hata kama zinagawanyika.