Mtoto akifia tumboni, hesabu siku tangu alipoacha kucheza

Mimi ni mkunga, na miaka mingi nimehudumia akina mama wanaovuka ziwa kutoka Ukerewe na Ukara kuja Mwanza. Mama akishaambiwa mapigo ya moyo wa mtoto hayaonekani, familia yake huniuliza swali moja: tusubiri uchungu uje wenyewe, au aanzishiwe? Ushauri wangu ni kwamba, kabla ya kujibu swali hilo, ulizeni mtoto aliacha kucheza lini.

Wengi huhesabu kuanzia siku ya ultrasaundi. Mama anaambiwa kuwa anaweza kusubiri hadi wiki 4, naye anarudi nyumbani akiziona wiki 4 zote ziko mbele yake. Lakini mwili wake ulianza kuhesabu siku mtoto alipofariki. Kama mtoto alinyamaza wiki 3 kabla ya kipimo, iliyobaki ni wiki moja tu.

Niseme wazi kwamba kusubiri si uzembe. Kuna mabinti wanaofika wakilia, wanataka wapasuliwe usiku huohuo kwa kuamini kuwa maiti ya mtoto inawatia sumu. Sivyo. Kama chupa haijapasuka, hakuna homa, hakuna damu inayotoka, na presha iko sawa, mama anaweza kukaa siku kadhaa au hata wiki mbili, akazungukwa na ndugu zake na akajiandaa. Katika akina mama 10, takribani 9 hupata uchungu wenyewe ndani ya wiki 4 na kujifungua salama. Na upasuaji hapa huwa chaguo la mwisho, kwa sababu unamwachia mama kovu la kizazi bila faida yoyote kwa mtoto.

Tatizo linakuja muda ukizidi. Kondo na mwili wa mtoto aliyefariki huachia taratibu kwenye damu ya mama vitu vinavyoamsha damu kuganda. Damu inaganda kidogo kidogo ndani ya mishipa midogo, na kila inapofanya hivyo inatumia akiba yake ya fibrinojeni, ile protini inayoshika donge la damu. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuganda, nazo hupungua. Mama hahisi chochote. Anatembea, anakula, anafua. Siku ya kujifungua kondo linatoka, damu inatakiwa igande, na haigandi. Kabla ya wiki 4 hali hii ni nadra. Baada ya hapo humpata karibu mama mmoja kati ya wanne.

Nimkumbuke mama mmoja kutoka Ukara, mimba yake ya pili, wiki 33. Aliletwa na mama mkwe wake, mtu mzima mwenye busara, akaniambia, "Mwanangu, tuache Mungu afanye kazi yake, mtoto atatoka mwenyewe." Nikamjibu, "Mama, nakuelewa. Naomba kwanza nimuulize mkweo jambo moja." Yule binti hakukumbuka tarehe, lakini alikumbuka kwamba mtoto aliacha kucheza dagaa walipokuwa wanavuliwa kwa wingi, mwezi ukiwa gizani, na kwamba giza jingine lilikuwa limeshaingia. Mwezi mzima ulikuwa umepita. Kwenye ultrasaundi mifupa ya kichwa cha mtoto ilikuwa imepandana, dalili kwamba hakufariki jana wala juzi.

Tulimpima kwa njia ambayo hata zahanati isiyo na maabara inaweza kuifanya. Unachukua damu ya mshipa mililita 2, unaiweka kwenye kichupa cha kioo kikavu, safi, kisicho na dawa. Usitumie kile chenye kifuniko cha zambarau, maana kina dawa ya kuzuia damu isigande na kitakudanganya. Unakifumbata kwenye kiganja kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 unakiinamisha polepole, kisha kila dakika, mpaka donge lishike na uweze kukipindua bila damu kumwagika. Zikipita dakika 7 bila donge, au donge likiwa laini na kuvunjika kirahisi, damu ina tatizo. Lake lilikuwa kama uji mzito. Nilipotikisa kidogo likaachana.

Hapo mjadala wa kusubiri uliisha. Mama mkwe aliona kile kichupa kwa macho yake, na sikuhitaji kumweleza zaidi. Lakini hatukukimbilia vidonge vya kuanzisha uchungu pia. Kwanza tuliagiza damu ya kundi lake na utegili, yaani majimaji ya damu yenye protini za kugandisha, tukaweka njia mbili za mshipa, tukawaita ndugu wa kuchangia. Nawasihi wahudumu wa visiwani: mama wa namna hii avuke ziwa kabla ya kuanzishiwa uchungu, asije akaanza kutoka damu ndani ya boti.

Kisha misoprostoli, dawa ya kulainisha mlango wa kizazi na kuleta uchungu. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto akifariki kwenye wiki ya 20, kidonge kizima kila baada ya saa 4 hadi 6 ni sawa. Baada ya wiki 28 kizazi kimekuwa chepesi sana kuitikia, na kipimo hushuka hadi mikrogramu 25 ukeni kila baada ya saa 6, yaani sehemu moja ya nane ya kidonge kilekile. Kukikata kwa wembe hakutoi vipande sawa. Sisi tuliyeyusha kidonge kimoja kwenye mililita 200 za maji safi, tukampa anywe mililita 25 kila baada ya saa 2, tukikoroga kila mara kwa sababu unga hutuama chini. Anayenunua vidonge dukani akavimeza nyumbani, kwa vile mtoto ameshafariki, anaweza kupasukiwa na kizazi, na mwenye kovu la upasuaji zaidi. Oksitosini ya dripu, nayo ya kuleta uchungu, isianzishwe kabla ya saa 8 kupita tangu dozi ya mwisho ya misoprostoli.

Chupa hatukuipasua mapema, kwa kuogopa maambukizi. Alijifungua usiku wa pili. Dawa ya kukaza kizazi ilipitia mshipani, kwa kuwa sindano ya msuli ingeweza kuvujisha damu, na tulikwepa kumkata ili kuongeza njia ya uzazi. Alitoka damu nyingi, lakini utegili na damu vilikuwa kando ya kitanda. Kesho yake kichupa kiliganda kabla ya dakika 7.

Mama aliyechagua kusubiri, na hana shida nyingine, apimwe damu mara mbili kwa wiki, hata kama ni kwa kichupa tu. Chembe sahani zikianza kushuka, aanzishiwe bila kungoja wiki ya nne. Na kuna hali moja ambayo haingoji kalenda kabisa: tumbo likiwa gumu kama ubao, lenye maumivu, iwe damu inatoka au haitoki. Hilo huenda ni kondo lililoachia, na damu inaweza kukosa kuganda ndani ya saa chache. Huyo apelekwe hospitali yenye damu mara moja. Vivyo hivyo mwenye homa, maji yenye harufu, fizi au pua zinazotoka damu, au alama za sindano zisizokauka.

Maziwa yatakuja siku ya tatu au ya nne, na hili huwaumiza mabinti kuliko tunavyowatayarisha. Avae sidiria inayobana vizuri, asikamue, na aombe dawa ya maumivu. Mwenye kundi la damu la Rhesus hasi aulizie sindano yake ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.