Gramu ulizonazo na gramu zilizo dhahabu

Nimechoma dhahabu ya zebaki, mzani wangu ukasoma gramu 12.40. Mnunuzi alipoiyeyusha ikawa 11.86. Nimeibiwa? (Mchimbaji, Geita)

Huenda hujaibiwa. Dhahabu iliyochomwa tu ina vitundu vilivyoshika zebaki na mchanga, na moto wa kuyeyushia ndio unaovitoa. Kupungua kiasi cha asilimia 4 hakunishangazi. Ila simama karibu wakati wa kuyeyusha, na mabaki ya boraksi yakipoa yavunje uangalie kama yamebaki na punje. Hizo ni zako. Ukichoma mwenyewe, choma nje, kwa chombo kinachonasa mvuke. Mvuke huo unaumiza watoto wako kabla yako.

Anasema usafi ni asilimia 78. Nitahakikishaje bila mashine?

Tumia maji. Weka kikombe cha maji juu ya mzani wa kusoma 0.01, urudishe kwenye sifuri. Funga kipande chako kwa uzi mwembamba, kizamishe chote bila kugusa chini wala ukingo, ukitikise kitoe mapovu. Chako chenye gramu 11.86 kikisoma 0.70, gawanya: 11.86 ÷ 0.70 ni karibu 17. Dhahabu safi ni 19.3, fedha ni 10.5. Ikiwa kilichochanganyika ni fedha, 17 ni usafi wa karibu asilimia 84. Kwa hiyo una gramu 9.96 safi, wakati kwa asilimia 78 angekulipa 9.25.

Usitumie njia hii kwa kipande cha gramu mbili: hapo kosa la 0.01 linapotosha jibu kabisa. Hata kwa chako linasogeza usafi kwa asilimia mbili hivi. Shaba, au uwazi ndani ya kipande, nao hushusha jibu. Mashine ya mionzi pia husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo omba kipande kikwanguliwe na kipimwe pande zote mbili.

Mmoja ananipa Sh 190,000 kwa gramu kama ilivyo, mwingine Sh 225,000 kwa gramu safi. Nimuuzie nani?

Zilete bei zote kwenye gramu safi. Gawanya 190,000 kwa 0.84, unapata kama 226,000. Wa kwanza yuko juu kidogo: atakupa Sh 2,253,400, wa pili Sh 2,241,000. Lakini wa pili akishikilia asilimia 78, anakupa kama Sh 2,081,000 tu, ingawa bei aliyotamka ndiyo iliyokuvutia.

Kabla ya kwenda, chukua bei ya dunia ya wakia siku hiyo, ibadili kuwa shilingi, igawe kwa 31.1, upate ya gramu safi. Kwenye soko la madini kuna mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, kwa hiyo muulize kila mnunuzi: bei yako ni kabla ya makato au baada?